Faida Iliyolala Stoo

Kuli akiingia stoo ya mchele kuchukua mzigo wa mteja, haulizi mfuko upi ulinunuliwa lini. Anachukua ulio karibu na mlango au ulio juu ya safu, anaubandika begani na kutoka. Mifuko ya mchele wa daraja moja hufanana, na mteja hajali. Lakini daftarini kila mfuko una historia yake. Huu uliingia Oktoba kwa shilingi 130,000, ule uliingia Novemba kwa 150,000, na ule wa nyuma kabisa ulishushwa kwenye lori Desemba kwa 170,000. Mfuko ukishatoka, mwenye stoo anajua ameuuza kwa bei gani. Kujua umemgharimu kiasi gani ni kazi nyingine.

Swali hilo lina majibu zaidi ya moja, yote halali, na kila jibu linaleta faida yake. Wahasibu wa nchi zetu hutumia zaidi mawili. La kwanza huitwa kwanza kuingia, kwanza kutoka: hesabu inachukulia kwamba mzigo wa zamani ndio uliouzwa kwanza, hata kama kuli ameanza na mpya. La pili ni wastani wa gharama: bei zote za manunuzi huchanganywa, kila mfuko ukabeba gharama moja ya katikati. Njia hizi mbili hazisemi chochote kuhusu mfuko uliobebwa begani. Zinasema gharama ipi itoke kwenye kadi ya stoo.

Ili tofauti ionekane vizuri, tuchukue mfano wa mama mmoja anayeuza mchele kwa jumla Tandale, Dar es Salaam. Ana kampuni ndogo iliyosajiliwa na inafunga hesabu kila tarehe 31 Desemba. Bei zilizotumika hapa ni za mfano na zimerahisishwa, lakini mwenendo wake ndio ule ule wanaoufahamu wafanyabiashara wa nafaka. Mchele huwa nafuu baada ya mavuno yanayoanza kuingia sokoni Mei na Juni, kisha hupanda taratibu kadiri mwaka unavyokwenda mwisho na maghala ya Mbeya, Ifakara na Kahama yanavyopungua.

Oktoba mosi stoo ya mama huyu ilikuwa tupu. Mwezi huo alinunua mifuko 100 ya kilo 50, kila mmoja ukimgharimu shilingi 130,000 mpaka kufika stoo. Bei hiyo ina nauli ya lori na ujira wa kushusha ndani yake, kwa sababu gharama za kuufikisha mzigo pale unapouziwa ni sehemu ya gharama ya mzigo wenyewe. Aliuza mifuko 75 kwa shilingi 150,000 kila mmoja. Novemba akaleta mifuko mingine 100, safari hii kwa 150,000, akauza 75 kwa 170,000. Desemba akaleta 100 ya mwisho kwa 170,000, na sikukuu zikambeba: aliuza 50 kwa shilingi 200,000.

Tarehe 31 Desemba jioni mlango ulifungwa na mifuko ikahesabiwa moja moja. Iliyonunuliwa ni 300, iliyouzwa ni 200, iliyobaki ni 100. Manunuzi yote ni shilingi milioni 45 na mauzo yote ni milioni 34. Hadi hapo hakuna ubishi, kwa sababu hivyo ni vitu vinavyoonekana: risiti, fedha na mifuko.

Ubishi unaanza na mifuko 100 iliyobaki. Kanuni ya gharama ya mali iliyouzwa ni rahisi: mali iliyokuwapo mwanzo, jumlisha manunuzi, toa mali iliyobaki mwisho. Milioni 45 za manunuzi lazima zigawanywe mafungu mawili. Fungu moja linabaki stoo kama mali ya kampuni, na jingine linakwenda kupunguza mauzo kama gharama. Kila shilingi inayoongezwa kwenye thamani ya mifuko iliyobaki inaondoka kwenye gharama, na kwa hiyo inaongezeka kwenye faida. Anayepanga thamani ya mzigo uliobaki ndiye anayepanga faida.

Kwa njia ya kwanza kuingia, kwanza kutoka, mifuko 200 iliyouzwa ni ile ya Oktoba na Novemba. Gharama yake ni milioni 13 na milioni 15, jumla milioni 28. Iliyobaki ni ya Desemba, kwa hiyo stoo ina mali ya milioni 17. Toa milioni 28 kwenye mauzo ya milioni 34, faida ghafi ni shilingi milioni 6.

Kwa wastani unaopigwa mara moja mwisho wa kipindi, milioni 45 zinagawanywa kwa mifuko 300, na kila mfuko unabeba shilingi 150,000. Iliyouzwa imegharimu milioni 30, iliyobaki ina thamani ya milioni 15. Faida ghafi inakuwa milioni 4.

Biashara ni ile ile, kuli ni yule yule, na fedha kwenye droo hazijabadilika hata shilingi moja. Faida imetofautiana kwa milioni 2, na milioni hizo 2 zote zimo katika tofauti ya thamani ya ile mifuko 100: milioni 17 upande mmoja, milioni 15 upande wa pili.

Wastani nao una namna mbili, na hapa wengi huteleza. Duka linalotumia kompyuta au kadi ya stoo inayoandikwa kila siku halisubiri mwisho wa kipindi. Linapiga wastani upya kila mzigo mpya unapoingia, na huo huitwa wastani unaosogea. Turudi kwenye kadi ya mama wa Tandale. Mifuko 75 ya kwanza ilitoka kwa 130,000, ikabaki 25 yenye thamani ya shilingi 3,250,000. Mzigo wa Novemba wa milioni 15 ulipoingia, kadi ilionyesha mifuko 125 ya thamani ya 18,250,000. Wastani mpya ni shilingi 146,000 kwa mfuko, na kwa gharama hiyo ikatoka mifuko 75 ya mwezi huo. Ikabaki 50 ya thamani ya 7,300,000. Lori la Desemba likaongeza milioni 17, jumla mifuko 150 ya 24,300,000, na wastani ukasogea hadi 162,000. Ilipotoka 50 ya sikukuu kwa gharama hiyo, ikabaki mifuko 100 ya thamani ya 16,200,000. Gharama ya iliyouzwa ni 28,800,000, na faida ghafi ni shilingi 5,200,000.

Kwa hiyo mzigo mmoja umetoa faida tatu: milioni 6, milioni 5.2 na milioni 4. Wastani unaosogea unakaa katikati kwa sababu mauzo ya Oktoba hayaguswi na bei ya Desemba, mzigo ambao siku hiyo haukuwapo hata kwa ndoto. Wastani wa mwisho wa kipindi unachanganya yote, na hivyo mfuko uliouzwa Oktoba unabebeshwa sehemu ya bei iliyokuja miezi miwili baadaye. Mhasibu anaposema kampuni inatumia wastani, swali linalofuata liwe ni wastani upi.

Sasa mwenye stoo anapewa karatasi inayosema amepata faida ya milioni 6. Anafungua droo, anaangalia na salio la benki, anashangaa.

“Mwanangu, hiyo faida iko wapi?”

“Iko stoo, Mama.”

Jibu la mhasibu ni sahihi kabisa. Mama amekusanya milioni 34 na kulipa milioni 45, kwa hiyo fedha zimepungua kwa milioni 11. Faida aliyoandikiwa imelala kwenye mifuko ile 100 iliyonunuliwa kwa milioni 17.

Tuuchunguze mfuko mmoja tu wa Oktoba. Ulinunuliwa kwa 130,000 ukauzwa kwa 150,000. Daftari linasema faida ni 20,000. Lakini Novemba mama alipotaka kuujaza tena mfuko ule, msambazaji alimtajia 150,000, bei ile ile aliyouzia. Zile 20,000 zote zimemezwa na mfuko wa kuujaza ule. Angezitoa akalipia ada ya shule ya mtoto, stoo ingekuwa imepungua. Faida ya aina hii hutokana na kushika mali wakati bei inapanda, na si ule ustadi wa kununua hapa na kuuza pale. Njia ya kwanza kuingia, kwanza kutoka huiingiza yote kwenye faida ya kipindi, kwa sababu inapambanisha bei ya kuuzia ya leo na gharama ya zamani. Wastani huipunguza makali kidogo, lakini nao hauiondoi.

Upande wa mizania mambo yanageuka. Hapo njia ya kwanza kuingia, kwanza kutoka ndiyo inayosema kweli iliyo karibu na soko, kwa kuwa mzigo uliobaki umeandikwa kwa bei za karibuni: 170,000, ambayo ndiyo bei anayoweza kununulia leo. Wastani wa mwisho wa kipindi unamwonyesha mkopeshaji mali ya milioni 15 ilhali kuinunua tena kungehitaji milioni 17. Ofisa mikopo anayepima dhamana atapenda ile ya kwanza, na mwenye duka anayetaka kujua kama bei yake ya kuuza bado inalipa atasaidiwa zaidi na gharama iliyosogea na soko. Njia moja haiwezi kumfaa kila mtu kwa kiasi kile kile.

Je, ule mwanya wa milioni 2 unakwenda wapi baadaye? Tusogee mbele. Januari mama hakununua kitu. Aliuza mifuko 100 iliyobaki kwa 180,000 kila mmoja, akapata milioni 18, stoo ikawa tupu. Aliyetumia kwanza kuingia, kwanza kutoka anatoa gharama ya milioni 17 na kubakiwa na faida ya milioni 1. Aliyetumia wastani wa mwisho wa kipindi anatoa milioni 15 na kupata milioni 3. Aliyetumia wastani unaosogea anatoa 16,200,000 na kupata 1,800,000. Jumlisha vipindi viwili: 6 na 1, 4 na 3, 5.2 na 1.8. Zote ni milioni 7.

Hilo ndilo jambo ambalo mjadala wa njia hizi mbili mara nyingi hulisahau. Hakuna njia inayotengeneza faida wala inayoila. Zinatofautiana tu juu ya mwaka gani uibebe. Bei zikipanda, kwanza kuingia, kwanza kutoka huitangulizia faida mwaka huu, na wastani huisukuma sehemu yake mwaka ujao. Bei zikishuka, kama kuanzia Juni mavuno yanapomiminika, upande unabadilika. Geuza tu mpangilio wa mfano wetu, manunuzi yaanze na 170,000, yapite 150,000 na kuishia 130,000. Gharama ya mifuko 200 ya kwanza itakuwa milioni 32 dhidi ya milioni 30 za wastani, na sasa wa kwanza kuingia, kwanza kutoka ndiye mwenye faida ndogo. Bei zikitulia, njia zote hutoa jibu moja.

Kuna jambo jingine linaloamua ukubwa wa mwanya, nalo ni kasi ya mzigo kutoka. Muuza mikate anayemaliza mzigo wake kila siku anaweza kutumia njia yoyote, maana jioni hana kilichobaki cha kuthaminishwa. Duka la vipuri vya magari ambalo lina bearingi zilizokaa rafuni miaka mitatu liko mbali naye kabisa. Huko bei ya kwanza na ya mwisho zinaweza kutofautiana sana, na mali iliyobaki ni nyingi kuliko mauzo ya mwezi.

Kodi ndipo tofauti ya mwaka inapogusa fedha halisi. Kampuni Tanzania hutozwa asilimia 30 ya faida inayotozwa kodi. Milioni 2 za ziada za faida zinamaanisha shilingi 600,000 za ziada za kodi kwa mwaka huo. Mwaka unaofuata, mzigo ukiisha, zinarudi kwa njia ya kodi ndogo zaidi, kwa hiyo aliyetumia wastani hakusamehewa kodi, ameicheleweshea tu. Lakini kwa mfanyabiashara anayehitaji kulipia lori la Januari, 600,000 zinazobaki mkononi miezi kumi na miwili ni msaada wa kweli. Kwa mwenye duka dogo anayetozwa kodi kwa kuangalia mauzo yake badala ya faida, njia ya kuthamini mzigo haibadilishi kodi hata kidogo. Kwake ni suala la kujijua tu.

Kwa sababu ya fedha hizo, sheria hazimwachi mtu abadilishe njia kama anavyobadilisha shati. Uganda, kwa mfano, sheria ya kodi ya mapato inamruhusu mlipakodi ambaye bidhaa zake hazitambuliki moja moja kuchagua kati ya kwanza kuingia, kwanza kutoka na wastani wa gharama. Akishachagua, anahitaji kibali cha maandishi cha Kamishna kubadilisha. Kwenye taarifa za fedha, kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2 nacho kinazikubali njia hizo mbili, na kinataka bidhaa za aina na matumizi yanayofanana zithaminiwe kwa njia moja. Huwezi kuuthamini mchele wa stoo ya Tandale kwa wastani na wa stoo ya Manzese kwa njia nyingine eti kwa sababu stoo ziko mitaa miwili. Bidhaa ambazo hazibadilishani, kama magari yaliyotumika yenye namba zake za chesisi, hubeba kila moja gharama yake halisi, na mjadala huu hauyahusu.

Ipo njia ya tatu ambayo wasomaji wa vitabu vya zamani vya uhasibu wataikumbuka: mwisho kuingia, kwanza kutoka. Inachukulia kwamba mzigo mpya ndio uliouzwa, na katika mfano wetu ingeshusha faida ya kipindi hadi milioni 2, kwa kuwa gharama ingekuwa milioni 32. Viwango vya kimataifa viliiondoa, na katazo likaanza kutumika 1 Januari 2005. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba inaacha kwenye mizania bei za miaka ya nyuma sana zisizofanana na kitu chochote sokoni. Marekani bado inairuhusu, ndiyo maana anayesoma hesabu za kampuni ya huko akilinganisha na ya Afrika Mashariki lazima aanze kwa kuuliza mzigo umethaminiwa vipi.

Makosa makubwa ya njia ya wastani hayatokani na kanuni yake. Hutokana na tarehe. Tuirudie kadi ya mama wa Tandale, lakini safari hii ankara ya lori la Desemba imekwama kwenye mkoba wa dereva, karani akaiingiza baada ya sikukuu. Mifuko 50 ya Desemba imeuzwa, na mashine haioni mzigo mpya. Inaitoa mifuko hiyo kwa wastani wa Novemba, 146,000, badala ya 162,000. Ankara inapoingia baadaye, mifuko 100 iliyobaki inakaa kwenye kadi kwa 170,000. Gharama ya mauzo imekuwa milioni 28 badala ya 28,800,000, na faida imepanda kwa shilingi 800,000. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyejumlisha vibaya. Karatasi moja imechelewa, basi.

Hali inakuwa mbaya zaidi pale kadi inapokwenda chini ya sifuri, yaani mifuko imeuzwa ambayo kwa mujibu wa kompyuta haijanunuliwa. Programu zinajaza pengo hilo kwa makisio, na wastani unaweza kutoa namba za ajabu. Kuna kipimo chepesi ambacho hata asiye mhasibu anaweza kukitumia. Wastani wa bidhaa lazima uwe kati ya bei ya chini na ya juu kabisa iliyowahi kulipwa kwa mzigo uliopo. Kadi ya mchele ikionyesha 121,000 au 183,000 kwa mfuko, wakati manunuzi yote yalikuwa kati ya 130,000 na 170,000, kuna ankara iliyokosewa, iliyorudiwa au iliyochelewa. Ni bora kuitafuta siku hiyo hiyo kuliko Machi mbele ya mkaguzi.

Kosa jingine ni kuchanganya madaraja. Mchele wa Kyela wenye harufu nzuri na mchele wa kawaida uliovunjika havifai kukaa kwenye kadi moja, hata kama vyote ni mchele. Wastani wao hautakuwa gharama ya kimoja wala kingine. Mwenye duka ataonekana anapata faida nono kwa kila mfuko wa mchele mzuri na hasara kwa ule uliovunjika, na atafanya uamuzi wa bei kwa namba isiyo na mwenyewe.

Programu nazo zina njia zake. QuickBooks ya kwenye kompyuta, katika matoleo yake ya kawaida, hutumia wastani wa gharama. QuickBooks Online hutumia kwanza kuingia, kwanza kutoka. Biashara inayohamisha hesabu zake kutoka moja kwenda nyingine inaweza kuona faida na thamani ya mzigo vikibadilika bila kuuza wala kununua chochote. Inayostahili kufanyika kabla ya kuhama ni kuchapisha orodha ya mzigo na thamani yake siku ya mwisho ya mfumo wa zamani, kisha kuilinganisha na ile ya mfumo mpya siku ya kwanza. Tofauti yoyote ielezwe kwa maandishi. Mabadiliko ya namna hiyo ni mabadiliko ya sera ya uhasibu, na kwa kampuni inayofuata viwango vya kimataifa hayawezi kupita kimya kimya kwa sababu tu programu imeamua.

Lipo zingatio moja ambalo liko juu ya njia zote. Mzigo haubaki kwenye hesabu kwa thamani inayozidi kile kitakachopatikana ukiuzwa, baada ya kutoa gharama za kuuuza. Tuseme kabla ya kufunga Desemba serikali imefungua njia kwa mchele wa nje, na bei ya jumla ikaanguka hadi 164,000, na kumfikishia mteja mfuko mmoja kunagharimu 4,000. Kinachoweza kupatikana ni 160,000. Aliyeandika mifuko yake kwa 170,000 lazima akate 10,000 kwa kila mmoja, jumla milioni 1, na faida yake inateremka kutoka milioni 6 hadi 5. Wa wastani unaosogea, mwenye 162,000, anakata 2,000 kwa mfuko, yaani 200,000. Wa 150,000 hakati kitu. Hapa wale waliotangulizia faida ndio wanaoanza kuirudisha, na ndiyo maana njia ya kwanza kuingia, kwanza kutoka huhitaji jicho la karibu zaidi wakati bei zimefika kileleni.

Kwa mchele wa daraja moja, unaoingia na kutoka kila wiki kwa bei inayoyumba, wastani unaosogea una hoja nzuri zaidi. Unafuata bei bila kurukaruka, na haumshawishi mwenye duka kuamini kwamba amepata milioni 6 za kutumia. Kwenye duka la dawa mambo ni tofauti. Kila boksi lina namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, na dawa ya zamani inatoka kwanza kwa lazima. Kwa kuwa matoleo yanafuatiliwa moja moja hata hivyo, kwanza kuingia, kwanza kutoka inakuwa picha ya kilichotokea rafuni kweli, na kuipiga wastani kungekuwa kutupa taarifa ambayo tayari ipo. Kituo cha mafuta kiko upande mwingine kabisa. Petroli ya wiki iliyopita na ya leo zimechanganyika ndani ya tangi moja chini ya ardhi, na hakuna awezaye kusema lita ipi imetoka kwenye pampu. Wastani pale unafuata hali ya tangi lenyewe.

Msomaji anayetaka kulinganisha kampuni mbili asianzie kwenye mstari wa faida. Afungue maelezo yaliyoambatanishwa na hesabu za mwaka, atafute sehemu ya bidhaa zilizopo ghalani, na asome sentensi inayotaja njia iliyotumika. Kisha aulize bei za bidhaa hiyo zilikwenda wapi mwaka huo, na mzigo uliobaki ni wa mauzo ya siku ngapi. Kampuni mbili zinazouza mchele ule ule, moja ikiwa na faida ya milioni 6 na nyingine milioni 5.2, zinaweza kuwa zimefanya biashara sawa kabisa.

Mama wa Tandale, baada ya kuelezwa yote haya, alichukua kadi ya stoo na kuweka mstari chini ya Desemba. Kwenye mstari wa kwanza wa Januari karani akaandika mifuko 100, shilingi 162,000, jumla 16,200,000. Juu ya ankara za manunuzi akabandika karatasi yenye agizo moja: hakuna mfuko wa lori jipya utakaouzwa kabla lori hilo halijaingizwa kwenye kadi.